Mwandiko na Mpango wa Hati ya Shahada: Uchunguzi wa Mfano wa Dodoma

Kiswahili kina maneno matatu ambayo hutumika kwa ile karatasi apewayo mhitimu siku ya mahafali, na kila moja huonyesha upande wake wa jambo. Neno "cheti" limefika pwani kutoka lugha za Kihindi, nalo kwa asili lilikuwa barua fupi au kikaratasi cha kuchukuliwa mkononi. Neno "hati" limetokana na Kiarabu, ambako maana yake ni mstari, na kutoka hapo mwandiko wenyewe. Neno "shahada", nalo la Kiarabu, ni ushahidi, yaani tamko la mtu aliyeona jambo na akakubali kulisema mbele ya watu. Basi hati ya shahada, kwa maana ya maneno yake, ni mwandiko unaotoa ushahidi. Makala haya yanachunguza swali moja linalotokana na maana hiyo: mwandiko uweje, nao upangweje katika karatasi, ili yule asomaye aamini kwamba ushahidi uliomo ni wa kweli?

Swali hili lina uzito wa pekee katika nyanda za kati za Tanzania. Tangu mwaka 2007 Dodoma imekuwa mji wa vyuo vikuu, maana katika mwaka huo kilianzishwa Chuo Kikuu cha Dodoma katika eneo la Chimwaga, na katika mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana kilianza mahali palipokuwa Shule ya Sekondari ya Mazengo. Na katika Chuo Kikuu cha Dodoma, tarehe 28 Aprili 2017, Rais John Pombe Magufuli alipokea taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, iliyoonyesha kwamba watumishi 9,932 walikuwa na vyeti vya kughushi. Jambo la kukumbuka katika habari hiyo ni kwamba uhakiki haukutegemea uzuri wa karatasi. Vyeti vililinganishwa na kumbukumbu za Baraza la Mitihani. Uhalali wa hati hutoka katika daftari la yule aliyeitoa. Mwandiko hauwezi kuuumba, ila waweza kuubeba vizuri au kuuharibu. Kwa sababu hiyo, sifa ya kwanza ya mwandiko wa hati ni kwamba jina lililomo lisomeke bila shaka yoyote, na liwe lile lile lililomo daftarini. Fahari ya herufi huja baada ya hapo.

Desturi, hata hivyo, huanza na fahari. Aghalabu mtu apewaye kazi ya kutengeneza hati hutafuta kwanza mwandiko wa kale, na kompyuta humpa aina mbili zilizo karibu. Ya kwanza ni mwandiko wa Kigothi, wenye herufi nene zilizosimama wima na kukatwa pembe, kama ile iitwayo `Old English Text MT`. Ya pili ni mwandiko wa mviringo, ulioinama kuume, wenye mikia mirefu na mistari inayonenepa na kukonda. Yafaa kueleza kila mmoja ulikotoka, kwa maana ubovu wake katika hati ya Kiswahili umo ndani ya asili yake.

Mwandiko wa Kigothi ulikuwa mwandiko wa kawaida wa vitabu na hati katika sehemu kubwa ya Ulaya ya kaskazini, na Gutenberg alipopiga chapa Biblia yake mjini Mainz, yapata mwaka 1455, alizichonga herufi zake kwa kuiga mkono wa waandishi wa aina hiyo. Katika Uingereza uliendelea kutumiwa katika hati za sheria na za heshima muda mrefu baada ya vitabu kuuacha, na kwa njia hiyo ukawa alama ya mambo ya rasmi. Sasa, herufi ndogo za mwandiko huo hujengwa kwa nguzo fupi zilizosimama sambamba. Herufi *i* ni nguzo moja, *n* na *u* ni nguzo mbili mbili, *m* ni nguzo tatu. Viunganisho vya juu na vya chini, ambavyo ndivyo vinavyoitenga *n* na *u*, ni vyembamba mno, na kwa jicho lisilozoea hupotea kabisa.

Athari yake hutofautiana kutoka lugha hadi lugha. Kiswahili kina wingi wa *m*, *n*, *u* na *i*, kwa kuwa ngeli zake nyingi huanza na viambishi vya sauti hizo na maneno yake huishia kwa irabu. Na uchukuliwe mfano wa kitenzi kimoja ambacho hati ya shahada haiwezi kukikwepa: "amehitimu". Silabi zake za mwisho, *-imu*, ni nguzo sita zilizofuatana, na kitu pekee kinachomsaidia msomaji ni kinukta cha *i*. Katika neno "Muungano" la jina la Jamhuri, baada ya herufi kubwa ya mwanzo huja *u*, *u* na *n*, nazo ni nguzo sita zisizo na hata kinukta. Msomaji ajuaye Kiswahili huyasoma maneno haya kwa kubahatisha, kwa sababu amekwisha kuyajua. Lakini jina la mtu halibahatishwi. Karani wa nchi nyingine anayeona jina lenye *-nu-*, *-mu-* au *-uni-* hana njia ya kujua lipi ni lipi isipokuwa kwa herufi zenyewe.

Ubaya huzidi jina linapoandikwa lote kwa herufi kubwa. Herufi kubwa za Kigothi zilibuniwa ili kila moja isimame peke yake mwanzoni mwa neno, ikifuatwa na herufi ndogo. Zikipangwa nyingi pamoja hazisomeki, na huyo aliyezipanga huonekana hajui desturi ya mwandiko alioutumia. Hii ni mojawapo ya dalili ambazo kwazo mtu mzoefu hutambua mara moja hati iliyotengenezwa na asiye fundi.

Mwandiko wa mviringo una kisa kingine. Ulistawi katika Uingereza ya karne ya 17 na ya 18, na ulienezwa na vitabu vya mafundi wa kuandika, kama kile cha George Bickham kilichokusanywa mwaka 1743. Kurasa za vitabu hivyo zilichongwa katika mabamba ya shaba. Mchongaji alipokandamiza chombo chake mfuo ulipanuka, na alipolegeza mkono mfuo ulikuwa mwembamba kama unywele. Karatasi yenye unyevu ilipogandamizwa juu ya bamba kwa nguvu, ilizama katika mifuo na kuuchukua wino wote, hata mstari mwembamba ukasimama juu ya karatasi ukiwa mweusi barabara. Weusi huo wa mstari mwembamba ndio uliokuwa fahari ya mwandiko ule.

Printa ya leza ya ofisi haifanyi hivyo. Hiyo huyeyusha unga wa wino juu ya uso wa karatasi, na huchora kila kitu kwa nukta. Printa yenye nukta 600 katika inchi moja huweka nukta ambayo upana wake ni kama milimita 0.042. Mwandiko wa mviringo ukiwa wa pointi 28, mstari wake mwembamba kwa kawaida hupata nukta nne au zaidi, nao hupita salama. Ukipunguzwa hadi pointi 14, mstari huo huo huweza kushuka hadi karibu milimita 0.1, yaani nukta mbili tu, na hapo huanza kuonyesha ngazi ngazi na kukatika. Hali huwa mbaya zaidi wino usipokuwa mweusi. Mtengenezaji akichagua rangi ya kijivu, ya kahawia au ya dhahabu, printa haina wino wa rangi hiyo, bali huiiga kwa kutawanya nukta za rangi nyingine na kuacha nafasi kati yake. Mstari wa nukta mbili ukitawanywa hivyo hubaki vumbi. Mtu akiitazama hati kwa kioo cha kukuza ataona herufi nene zenye kingo za kuchafuka, na nyembamba zilizokatika. Hati ya halali kabisa hupata hivyo sura ya nakala iliyotolewa kutoka nakala. Dawa yake ni nyepesi: maneno yote ya hati yapigwe kwa weusi mtupu, na rangi iachiwe nembo na mapambo ya pembeni.

Liko jambo la tatu ambalo miandiko hii miwili huliharibu, nalo ni la tahajia. Tahajia ya Kiswahili sanifu hutenga *ng* na *ng'* kwa ritifaa, na alama hiyo si pambo: "ngoa" ni wivu au tamaa, na "ng'oa" ni kutoa kitu na mizizi yake. Katika nchi ya Wagogo alama hiyo ina kazi kubwa zaidi, kwa kuwa Kigogo kina sauti za puani zinazofuatwa na pumzi, nazo huandikwa *mh*, *nh* na *ng'h*. Kata iliyo karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma huitwa Ng'hong'honha. Jina hilo moja lina ritifaa mbili na sauti tatu za aina hiyo, na watu hupatikana wakiliandika pia Ng'ong'ona. Majina ya ukoo ya sehemu hizo yana hali kama hiyo, na mhitimu mmoja huweza kuandikwa kwa namna moja katika cheti cha kidato cha nne na kwa namna nyingine katika fomu ya kujiunga na chuo.

Kwa mkono, ritifaa ni kitone kimoja cha kalamu. Katika kompyuta ni alama kadhaa zinazofanana kwa jicho na kutofautiana kwa namba. Iko ile iliyonyooka, ambayo kibonye hutoa, yenye namba U+0027. Iko ile iliyopinda kama mkia wa mkato, U+2019, ambayo ndiyo sahihi katika chapa nzuri. Iko pia iliyopinda kinyume, U+2018, ambayo ni ya kufungulia nukuu, na kile kialama cha mshazari kilicho pembeni mwa kibonye, U+0060, ambacho makarani wengine hukitumia kwa kudhani ni kile kile. Mtu aandikapo barua, programu yenyewe huipindua alama iliyonyooka. Lakini hati za mahafali haziandikwi moja moja. Kiolezo hutengenezwa mara moja, na majina humiminwa ndani yake kutoka orodha, na alama zilizomo katika orodha hupita kama zilivyo. Matokeo yake ni kwamba maneno ya kiolezo huwa na ritifaa iliyopinda, na jina la mhitimu huwa na iliyonyooka, au ya kinyume, katika karatasi moja. Ikiwa chapa iliyochaguliwa haina alama hiyo, programu huiazima kutoka chapa nyingine bila kusema, na kitone kinene cha mgeni huonekana katikati ya jina.

Kasoro hii ina madhara mawili. Kwa jicho, jina huonekana kana kwamba limepachikwa baadaye, na hiyo ni ishara ambayo kila mkaguzi huitafuta. Kwa kompyuta, jina lenye U+0027 na jina lenye U+2019 huweza kuhesabiwa majina mawili, na mtafutaji akajibiwa kwamba mhitimu hayumo. Kanuni inayofaa ni hii: daftari lihifadhi alama moja tu, ile iliyonyooka, na ubadilishaji ufanywe wakati wa kupiga chapa katika safu ya pembeni, bila kuigusa safu ya asili. Jina likiwa katika kisanduku `A2`, fomula hii yatosha:

```
=SUBSTITUTE(A2,"'",UNICHAR(8217))
```

Namba 8217 ni ile ile U+2019 kwa hesabu ya kumi. Fomula hii hugeuza alama iliyonyooka peke yake. Zile nyingine mbili hapana budi zitafutwe na kusahihishwa daftarini kwanza.

Baada ya hayo, uchaguzi wa herufi huwa si mgumu. Kichwa cha hati, yaani jina la chuo, huvaa vizuri herufi kubwa za Kirumi, ambazo umbo lake limetokana na maandishi ya mawe kama yale ya nguzo ya Trajani mjini Roma, ya mwaka 113. Maneno ya katikati yaandikwe kwa herufi ndogo za Kirumi zenye vikia miguuni. Jina la mhitimu lipewe herufi za mlazo, ambazo zilikuwa mwandiko wa haraka wa makarani wa Italia kabla ya kuingia katika chapa. Zina mwendo wa mkono, lakini *n* na *u* zake hazichanganyiki. Chapa moja kama `EB Garamond` ina sura zote tatu, na heshima ya hati hutokana na umoja huo. Chuo kikitaka kushika desturi ya Kigothi, kiipe mstari mmoja tu, nao uwe jina la shahada, kwa sababu mstari huo haubadiliki kutoka mhitimu hadi mhitimu na waweza kukaguliwa mara moja kwa wote.

Na uchukuliwe mfano wa hati ya Kiswahili, ambayo jina la chuo ndani yake limetumiwa kwa ajili ya herufi tu. Hati hasa za chuo hicho sizo zinazoelezwa hapa. Karatasi ni ya A4, iliyolazwa, yenye upana wa milimita 297 na kimo cha 210, na pambizo za milimita 25 kila upande, hata ubaki upana wa milimita 247. Mstari wa kwanza chini ya nembo ni CHUO KIKUU CHA DODOMA, kwa pointi 30. Herufi kubwa zikipangwa kama zilivyo hubanana, hasa *UU* ya KIKUU, wakati *O* na *D* za DODOMA huacha mapengo ya duara. Kwa hiyo huongezwa nafasi kati ya herufi, kiasi cha sehemu nane katika mia ya ukubwa wake, na mstari wote huchukua karibu milimita 170. Usawa wake hupimwa kwa jicho, wala si kwa rula.

Mstari wa pili ni "Inathibitishwa kwamba", kwa pointi 15. Wengi huandika "Hii ni kuthibitisha kwamba", usemi ambao umefuata mfano wa Kiingereza na ambao katika Kiswahili haumtaji mthibitishaji wala kuelekea kwa kitu. Mstari wa tatu ni jina la mhitimu, kwa pointi 28 za mlazo. Majina matatu yenye jumla ya herufi 35 huchukua karibu milimita 165, kwa hiyo hata majina marefu hutosha. Kipimo hiki kipatikane kwa jina refu kuliko yote katika orodha. Wanaopima kwa jina fupi hulazimika baadaye kupunguza herufi za wenye majina marefu, na hati mbili za siku moja zikawa na vimo tofauti, jambo ambalo humtia mkaguzi shaka bila sababu.

Mistari inayofuata hukatwa kwa kufuata maana. Kiunganishi cha "-a" huambatana na nomino inayokuja baada yake. Kikiachwa mwishoni mwa mstari, sentensi huning'inia. Basi si "Shahada ya Awali ya" halafu "Sanaa" chini yake, bali:

*amehitimu masomo yaliyoamriwa*
*na ametunukiwa*
*Shahada ya Awali*
*ya Sanaa katika Isimu*

Chini kabisa huachwa nafasi ya milimita 15 juu ya kila mstari wa sahihi, na mahali pa lakiri ya kugandamizwa pawe patupu. Lakiri ikiangukia maandishi, huyavunja maandishi yale, na yenyewe haisomeki.

Limebaki jambo la karatasi na hewa. Karatasi nzito, ya gramu 160 hadi 200 kwa mita ya mraba, isiyo na mikwaruzo ya kufanyiziwa, huushika unga wa leza sawasawa. Ile yenye mabonde huacha unga ukipukutika panapokunjwa. Dodoma iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na mvua zake huanza aghalabu Desemba. Hati za mahafali ya mwisho wa mwaka hupigwa basi mwishoni mwa kiangazi kirefu, wakati hewa ni kavu sana. Karatasi iliyotolewa katika bahasha yake wakati huo hupoteza unyevu kingoni, hujikunja, na hushikamana kwa umeme wa msuguano, hata mbili zikaingia pamoja na mistari ikapinda. Yafaa karatasi ikae katika chumba chenye printa siku nzima ikiwa bado imefungwa, ifunguliwe wakati wa kazi tu, na ukubwa wa kuchapa uwe asilimia 100, kwa maana printa ikiruhusiwa kupunguza ukurasa ili uenee, vipimo vyote vilivyotajwa huharibika.

Kabla ya kupiga hati zote, upo mtihani mmoja usiohitaji chombo. Yachukuliwe majina 10 kutoka orodha, yale yenye *ng'*, *nh*, *mw*, *uu* na *-imu*, yapigwe katika kiolezo, na apewe mtu asiyewajua wenye majina ayanakili kwa mkono. Kisha nakala yake ilinganishwe na daftari, herufi kwa herufi. Akikosea hata moja, mwandiko ule haufai, hata ukiwa mzuri namna gani, kwa maana shahidi ambaye maneno yake hayasikiki hawezi kumsaidia yule anayemshuhudia.